Malaika ni wimbo wa nani? Namna ya kumtafuta mtunzi nyuma ya mwimbaji

Wiki mbili kabla ya harusi ya binamu yangu ulizuka ubishi kwenye kundi la WhatsApp la familia. Bendi ilikuwa imeombwa ipige "Malaika" maharusi wakiingia ukumbini, na mshereheshaji akataka ajue atamtaja nani. Shangazi akaandika: "Miriam Makeba, kuna asiyejua?" Mjomba aliyeko Voi akamjibu kwa herufi kubwa kwamba wimbo ni wa Fadhili William. Mwingine akasema Boney M. Kitinda mimba wa shangazi akatuma kiungo cha Nyashinski, ambacho ukikifungua unakuta wimbo mwingine kabisa wenye jina hilohilo. Mimi niliwahi kufanya kazi miaka kadhaa kwenye maktaba ya santuri ya kituo kimoja cha redio, basi nikaambiwa nikate shauri.

Nilipowasoma wote tangu juu niliona kwamba hawakuwa wakibishania jambo moja. Shangazi alikuwa anataja sauti anayoikumbuka. Mjomba alikuwa anamtaja aliyeutia wimbo kwenye santuri, akichukulia kwamba huyo ndiye aliyeutunga. Mshereheshaji, yeye, alitaka mtunzi. Hayo ni maswali matatu, na kila moja lina mahali pake pa kutafutiwa jibu.

Utungo na rekodi

Tunaposema "wimbo" tunafunga vitu viwili kwenye furushi moja. Kimoja ni utungo: maneno na sauti zake, kile unachoweza kukiimba bafuni bila chombo na jirani akakitambua. Cha pili ni rekodi: sauti ya mtu fulani, iliyonaswa studio fulani, siku fulani. Utungo wa "Malaika" ni mmoja. Rekodi zake hazihesabiki, kuanzia zile za Nairobi za mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi bendi ya hoteli iliyojirekodi juzi kwa simu.

Fikiria kanga. Kuna aliyebuni jina lake, lile neno la chini. Kuna aliyechora nakshi. Kuna kiwanda kilichoichapa, na kuna bibi aliyeivaa sherehe ikachangamka. Hakuna anayemwona bibi yule akasema maneno ya kanga ameyatunga yeye, hata kama ameivaa hadi mtaa mzima ukaiita kwa jina lake. Kwenye muziki kosa hilo tunalifanya kila siku.

Watu wa taarab ndio wasiobabaika hapa. Mombasa, Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, aliandika mashairi, na binamu yake Juma Bhalo akayaimba. Msikilizaji wa kale alijua kutenganisha: shairi la fulani, sauti ya fulani. Balaa linakuja majina hayo yakiingia kwenye kompyuta, kwa sababu wote wawili ni wa ukoo wa Bhalo, na anayejaza fomu kwa haraka huona ni mtu mmoja.

Sheria nayo inatenganisha. Ile ya Tanzania ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na jina lenyewe limeshamaliza maelezo: hakimiliki ni ya mtunzi, hakishiriki ni ya mwimbaji, mpigaji ala na aliyegharamia rekodi. Kenya mgawanyo huo umeonekana hata kwenye vyama vya kukusanya mirabaha: MCSK kiliundwa kwa ajili ya watunzi na wachapishaji wa muziki, PRISK kwa waimbaji na wapigaji, na KAMP kwa wenye rekodi. Leseni za vyama hivi zimekuwa na mivutano yake na hilo siliingilii, ila ukikumbuka tu kwamba vilikuwa vitatu, hutachanganya tena nani ni nani.

Neno moja zaidi kabla hatujaondoka hapa. Mtunzi si lazima awe mmoja. Anaweza kuwepo mwenye maneno na mwenye sauti, na akawepo pia mpangaji, yaani aliyeuchukua utungo uliopo akauwekea vyombo na mapito mapya. Mpangaji ana haki juu ya mpangilio wake. Utungo haujawa wake.

Anza na lebo

Wengi hukimbilia intaneti. Mimi naanza na lebo ya santuri, au picha yake, kwa sababu iliandikwa karibu zaidi na tukio. Chukua santuri ndogo ya Nairobi ya miaka ya sitini au sabini, ile ya mizunguko 45. Katikati utasoma jina la wimbo. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, kuna jina la mtu ndani ya mabano. Chini tena, kwa herufi kubwa, jina la bendi. Mara nyingi na lugha ya wimbo huandikwa hapo, na kando kuna namba ya santuri.

Jina la ndani ya mabano ndilo la mtunzi. Wasomaji wengi huliruka kwa sababu ni dogo na jina la bendi ni kubwa. Pale redioni fomu yetu ya kuorodhesha nyimbo zilizopigwa hewani ilikuwa na safu mbili tu, "Wimbo" na "Msanii". Kwa hiyo jina la kwenye mabano lilisomwa na mtangazaji, likapotelea hewani, halikuandikwa popote. Orodha za namna hiyo ndizo vyama vya mirabaha huzitegemea kujua nani alipwe. Mtunzi ambaye hakuwa mwimbaji alipigwa hewani wiki nzima, na kwetu hakuacha hata alama ya kalamu.

Kama huna santuri, nenda Discogs. Tovuti hii hujazwa na wapenzi wa santuri wenyewe, kwa hiyo maandishi yake yanaweza kukosewa, lakini wengi hupandisha picha za lebo. Fungua picha, ikuze, usome mabano kwa macho yako. Usiridhike na kilichochapwa kando kwenye mstari wa "Written-By". Kisha nenda SecondHandSongs, ambayo kazi yake ni kupanga rekodi za utungo mmoja kwa tarehe na kuonyesha ipi ilitangulia. Hapo unapata kipimo chepesi kuliko vyote: mtu hawezi kuwa ametunga kitu kilichorekodiwa kabla hajaanza muziki. Kipimo hicho kiliwaondoa Boney M mara moja, kwa kuwa rekodi yao ya "Malaika" ni ya mwaka 1981. Makeba naye aliurekodi na Harry Belafonte kwenye albamu ya mwaka 1965, ambako wimbo umeandikwa "My Angel (Malaika)". Fadhili William alikuwa ameshautoa Nairobi kabla yao.

Nikiwa hapo nilikutana na jambo lililonichekesha. Mwaka 1967 bendi ya Uswidi iitwayo Hep Stars nayo iliupiga "Malaika", na mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, ambaye baadaye alianzisha ABBA na wenzake. Namtaja kwa sababu atarudi muda si mrefu.

Simu inasema nini

Kwenye Spotify gusa vidoti vitatu kando ya wimbo, uchague "View credits". Kwenye YouTube tafuta ile video isiyo na picha zaidi ya jalada la albamu, ambayo maelezo yake huanza na "Provided to YouTube by". Ndani ya maelezo hayo huwa kuna mistari ya "Composer" na "Lyricist", mtunzi wa sauti na mtunzi wa maneno.

Mistari hiyo ni msaada, lakini jua imetoka wapi. Anayepeleka wimbo kwenye majukwaa hujaza fomu ya msambazaji, na fomu ina sehemu ya mtunzi ambayo haiwezi kuachwa tupu. Kijana aliyerekodi wimbo wa zamani saa nane za usiku hujaza jina lake, kwa kuwa ndilo linalomjia, au kwa kuwa hajui la kujaza. Hakuna anayemkagua. Kwa hiyo ukifungua rekodi kumi za utungo mmoja unaweza kukuta majina manne ya watunzi. Dawa yake ni kuzilinganisha. Jina linalojitokeza kwenye rekodi za waimbaji mbalimbali, za lebo mbalimbali, za miaka mbalimbali, lina uzito. Jina linalotokea kwenye rekodi moja tu, nalo ni la mwimbaji wa rekodi hiyohiyo, litilie shaka.

Kuna na alama mbili zinazowapoteza wengi, ℗ na ©, zinazofuatwa na mwaka na jina la kampuni. Nimeona watu wakibishana mitandaoni wakinyoosha kidole hapo: "Si hii hapa hakimiliki, ni ya kampuni!" Alama ya ℗ inamtaja mwenye rekodi. Alama ya ©, ikiwekwa kwenye albamu, kwa kawaida inahusu jalada na maandishi yake. Hakuna kati ya hizo mbili inayokwambia nani alitunga. Mwaka wake nao unaweza kuwa wa toleo jipya la santuri ya zamani, kwa hiyo usiutumie kama tarehe ya kuzaliwa kwa wimbo.

Namba mbili

Rekodi ina namba yake, ISRC. Ina herufi na tarakimu 12 na huweza kuwekwa ndani ya faili la wimbo. Utungo una namba yake pia, ISWC, inayoanza na herufi T, ikafuatiwa na tarakimu tisa na moja ya kuhakiki. Ya kwanza kutolewa ilipewa wimbo wa ABBA "Dancing Queen", nayo inasomeka hivi:

```
T-000.000.001-0
```

Wimbo ule unaimbwa na wanawake wawili, Agnetha na Anni-Frid. Ukifuata namba yake unakutana na majina mengine: Benny Andersson yuleyule wa kinanda, Björn Ulvaeus, na Stig Anderson, ambaye alikuwa meneja wa bendi. Waimbaji wenyewe hawamo. Rekodi zote za wimbo huo duniani, kila moja na ISRC yake, huangukia kwenye ISWC moja. Ndiyo maana anayetafuta mtunzi huitafuta T.

Mahali pa kuitafutia ni ISWCNet, iliyo wazi kwa kila mtu kupitia iswcnet.cisac.org, chini ya CISAC, ambalo ni shirikisho la vyama vya watunzi duniani. Unaandika jina la wimbo na jina la ukoo la mtunzi unayemdhania. Usiandike jina la wimbo peke yake. "Malaika" ni jina la nyimbo nyingi mno, za Kiswahili na za lugha nyingine zenye neno hilo, na utazama kwenye orodha.

Hapa kwenye majina ndipo wengi hukwama, basi tukae kidogo. Jina kamili la Fadhili William lilikuwa Fadhili William Mdawida. Mfumo wa Ulaya unataka jina la ukoo likae mbele, na mjazaji wa miaka ya sitini hakujua lipi ni la ukoo. Kwa hiyo mtafute kama William, Fadhili. Kama Williams, kwa kuwa wachapaji wengi wa lebo walimwongezea herufi mwishoni. Kama Fadhili tu. Na kama Mdawida. Ukitafuta kwa umbo moja usipompata, hujathibitisha kwamba hayumo. Jina la wimbo nalo libadilishe: "Malaika", "Nakupenda Malaika", "My Angel". Kazi moja huweza kusajiliwa zaidi ya mara moja chini ya majina tofauti, kila usajili ukiwa na namba yake, na si ajabu ukakuta T mbili kwa utungo mmoja.

Ukimpata, tazama herufi iliyo karibu na kila jina. C ni mtunzi wa sauti. A ni mtunzi wa maneno. CA ni mtu aliyefanya yote mawili. AR ni mpangaji. E ni mchapishaji wa muziki, yaani kampuni inayosimamia utungo na kuchukua sehemu ya mapato, na ambayo haikutunga kitu. Niliwahi kumwona mtu mzima akiapa kwamba mwimbaji fulani mashuhuri ndiye mtunzi kwa kuwa jina lake "limo kwenye mfumo". Limo kweli, kando yake pana AR.

Njia ya pili ni Songview, ambayo vyama viwili vikubwa vya Marekani, ASCAP na BMI, vinaichangia tangu mwaka 2020. Ukitafuta kwenye tovuti ya chama chochote kati ya hivyo, unaona watunzi, wachapishaji na mgawo wa asilimia. Uzuri wake ni kwamba nyimbo nyingi za Afrika zilizovuma ng'ambo zimesajiliwa huko kupitia wachapishaji wa huko. Upungufu wake ni huohuo: wimbo uliovuma Tabora na Kisumu peke yake huenda usiuone kabisa. Wa namna hiyo uulizie kwenye taasisi za hakimiliki za huku kwetu: COSOTA kama ni wa Tanzania Bara, COSOZA kama ni wa Zanzibar, na kama ni wa Kenya angalia daftari la haki la kitaifa la KECOBO lililoko mtandaoni.

Daftari la Marekani na vifupisho vyake

Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ina kumbukumbu ndefu, na inafaa kwa nyimbo zetu za zamani kwa sababu kampuni za huko zilisajili karibu kila walichokitoa. Kumbukumbu za kuanzia mwaka 1978 unazitafuta kwa kompyuta. Namba inayoanza na PA ni ya kazi kama utungo, na inayoanza na SR ni ya rekodi ya sauti, ingawa SR moja huweza kubeba na utungo pale mwenye vyote ni mtu mmoja. Soma mstari unaoeleza mwombaji alitunga nini. Mstari huo ukisema "sound recording" peke yake, mwombaji hadai utungo.

Za kabla ya mwaka 1978 ziko kwenye vitabu vilivyochapwa, vya muziki vikitoka kila nusu mwaka, na vingi vimepigwa picha vikawekwa Internet Archive. Vinasomeka kama kitabu cha simu. Kwa "Malaika" unafungua vitabu vya miaka ya sitini, unaenda kwenye herufi M, unateremka na kidole. Maingizo ni mafupi, yamejaa vifupisho, na vifupisho hivyo ndivyo utamu wenyewe. "w & m" ni maneno na muziki. "arr." ni mpangilio. "NM:" ni kile kipya ambacho mwombaji anakidai. Ukikuta "NM: arr." maana yake mwombaji amekubali kwa mkono wake kwamba wimbo ulikuwepo, na anachodai ni mpangilio tu. Namba ikianza na EU kazi ilisajiliwa kabla haijachapishwa, ikianza na EP ilikuwa imechapishwa.

"Wa asili" kwa nani?

Mara nyingine mahali pa mtunzi pameandikwa "Trad.", au kwenye mifumo ya watunzi "DP". La kwanza linamaanisha wimbo wa jadi, la pili linamaanisha hakimiliki yake imekwisha au haikuwepo. Kwa nyimbo za Afrika ninalisoma neno hilo kwa jicho la pembeni. Mara nyingi lilimaanisha kwamba prodyuza wa ng'ambo hakuuliza. Na likiandikwa "Trad., arr." likifuatiwa na jina, ujue mpangaji ndiye anayepokea kile ambacho kingekwenda kwa mtunzi.

"Jambo Bwana" ni mfano. Kila mtalii anaujua, kila hoteli ya pwani inauimba, na nusu ya waimbaji wanaamini ulikuwepo tangu enzi za majahazi. Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, na bendi hiyo ikaurekodi mwaka 1980. Wimbo ukishaimbwa na kila mtu huanza kufanana na usio na mwenyewe, lakini umri wake ni huohuo. Kwa sheria za Kenya na Tanzania utungo hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Fadhili William alifariki mwaka 2001. Kama yeye ndiye mtunzi wa "Malaika", ulinzi wake Kenya unafika mwisho wa mwaka 2051.

Kama yeye ndiye

Hapa ndipo mjomba wa Voi alipokuwa akinisubiri. Nimepekua lebo, nimepekua mifumo, na jina la Fadhili William ndilo linalojitokeza mara nyingi kuliko mengine. Mbona basi nasema "kama"?

Kwa sababu daftari la hakimiliki ni daftari la madai. Ofisi ya Marekani inapopokea fomu haiendi Nairobi kuuliza majirani. Inaangalia kama fomu imejazwa sawasawa na ada imelipwa, inaandika alichosema mwombaji. Vyama vya watunzi ni vivyo hivyo: aliyesajili huaminiwa hadi atokee wa kumpinga. Na kinyume chake ni kweli pia. Asiyesajili hajapoteza kitu mbele ya sheria, kwa kuwa Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Berne, ambao unamlinda mtunzi tangu anapotunga bila kumtaka apitie ofisi yoyote. Kwa hiyo kukosekana kwa jina kwenye mfumo hakumwondoi mtu, na kuwepo kwa jina hakumthibitishi.

Kuhusu "Malaika" wapinzani wapo. Adam Salim wa Tanzania alidai aliutunga Nairobi mwaka 1945 hivi, kwa ajili ya msichana aliyempenda akashindwa kumwoa, na mashairi yenyewe, pesa zikimsumbua mwenye kupenda, yanaendana na kisa hicho. Wanatajwa pia Grant Charo na Lucas Tututu. Fadhili William alishikilia hadi kufa kwake kwamba ni wake. Kama kisa cha Salim ni cha kweli, wimbo uliimbwa kwa mdomo zaidi ya miaka kumi kabla ya santuri, na kipindi hicho hakuna mfumo wowote niliokutajia unaoweza kukifikia. Lebo zinaanza pale studio ilipoanza.

Wanaodhani mfumo haukosei niwakumbushe "Mbube". Solomon Linda aliurekodi Johannesburg mwaka 1939 na kuuza haki zake kwa kampuni ya Gallo kwa shilingi 10. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini kundi la Weavers la Marekani liliutoa kwa jina la "Wimoweh", na mtunzi akaandikwa Paul Campbell, mtu asiyekuwepo. Lilikuwa jina la bandia la wanakundi wenyewe. Mwaka 1961 ukatoka tena kwa maneno ya Kiingereza kama "The Lion Sleeps Tonight", safari hii watunzi wakiwa George Weiss, Hugo Peretti na Luigi Creatore. Linda alifariki mwaka 1962. Mtu aliyepekua daftari la wimbo huo wa Kiingereza mwaka 1990 kwa uangalifu wote aliwakuta Wamarekani hao watatu, na akafunga kompyuta akiwa ameridhika. Ni baada ya watoto wa Linda kwenda mahakamani ndipo, mwaka 2006, pande zikapatana na Linda akatambuliwa kama mtunzi mwenza.

Njia ya kumbaini Linda si ngumu: iweke rekodi ya 1939 kando ya zile za baadaye usikilize. Kwenye "Malaika" jaribio hilo halitusaidii, kwa maana rekodi ya Salim ya mwaka 1945 ya kuweka kando ya ile ya Fadhili haipo mezani.

Basi nilimwandikia mshereheshaji hivi: "Malaika. Mtunzi aliyesajiliwa: Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya sitini. Adam Salim wa Tanzania alidai ni wake. Usimtaje Makeba kama mtunzi, mtaje kama aliyeupeleka duniani." Nikatuma na kwenye kundi la familia. Mjomba akaweka dole gumba kwenye nusu ya kwanza. Shangazi alikaa kimya hadi jioni, kisha akauliza kama bendi inaweza kuuimba vile Makeba alivyouimba, polepole.